Kueleza Picha ya Chati ya Ukoo Iliyoandikwa kwa Kifaransa: Mwongozo kwa Msomaji wa Kigoma

Familia nyingi za Kigoma, Ujiji na Kasulu zina watu wao Bujumbura, Uvira, na siku hizi Ubelgiji na Ufaransa. Mtoto aliyezaliwa huko hupewa kazi shuleni ya kuchora mti wa ukoo, chati ikipigwa picha hutumwa kwa bibi yake, na bibi humwita yeyote aliye karibu anayejua Kifaransa kidogo amweleze nani ni nani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya huyo anayeitwa. Unaeleza namna ya kuisoma chati ya aina hiyo, namna ya kuiweka katika Kiswahili bila kuwahamisha watu upande wao wa ukoo, na kwa nini baadhi ya visanduku havitapata neno moja la Kiswahili hata ukihangaika vipi.

Kanuni inayobeba mengine yote ni hii: fuata mstari kwanza, neno baadaye. Anayetafsiri kisanduku kimoja kimoja kwa kamusi atakosea, kwa sababu kamusi itamwambia kwamba *oncle* ni mjomba, naye atamfanya kaka wa baba kuwa mjomba mbele ya mama aliyewazaa wote wawili.

Kwanza, pata picha inayosomeka

Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na vitu vinavyopotea mapema ni vile vidogo unavyovihitaji: tarehe, alama za ndoa na mistari ya nukta. Mwombe aliyetuma aitume upya kama faili, siyo kama picha. Ikiwa chati ni pana, aipige vipande vinavyopishana kidogo, karatasi ikiwa imelala mezani na mwanga wa dirisha ukitoka pembeni, kwani taa ya simu huacha doa jeupe katikati. Hakikisha kingo zote nne zinaonekana. Kisanduku kilichokatwa ukingoni mara nyingi ni cha mtoto wa mwisho, au cha mke wa pili aliyechorwa pembeni kwa kukosa nafasi.

Kisha ichore upya kwa penseli kwenye daftari. Weka pembetatu kwa mwanamume na duara kwa mwanamke, uandike jina na tarehe tu. Maneno ya Kifaransa yaache nje kwa sasa. Nasisitiza hatua hii kwa sababu ukishaona neno *tante* akili hukimbilia shangazi papo hapo, na kuiondoa humo baadaye ni kazi.

Pili, tambua kisanduku cha mwanzo na alama

Tafuta palipoandikwa *Moi*, yaani mimi. Majina yote ya undugu kwenye chati yamehesabiwa kutoka kwa huyo mmoja. Hili ni la kukumbuka hasa kwa sababu anayekusikiliza si yeye: ni bibi yake. Anayeitwa *oncle* na mtoto anaweza kuwa mwana kwa bibi, na mama wa mtoto, ambaye kwenye chati ni *mère*, kwa bibi mzaa baba ni mkwe. Kwa hiyo kila kisanduku kina majina mawili, la mtoto na la msikilizaji, na ni vyema kusema wazi unatoa lipi: “kwa mjukuu wako huyu ni fulani, kwako wewe ni fulani.”

Alama zinazotumiwa sana katika chati za Kifaransa ni chache. Kiduara kidogo, °, ni kuzaliwa. Herufi x ni ndoa, na kama mtu ameoa au kuolewa zaidi ya mara moja utaona x1 na x2. Mabano yaliyogeuziana migongo, yaani )( , ni talaka. Msalaba, †, ni kufariki, na huwekwa kama alama tu hata kwa marehemu asiyekuwa Mkristo. Mweleze msikilizaji hilo mapema, maana linaweza kumchoma mtu moyo bila sababu.

Baadhi ya chati huwa na namba pembeni ya majina. Hizo mara nyingi ni namba za Sosa, mpangilio wa zamani unaopendwa na Wafaransa: mtoto wa mwanzo ni 1, baba yake ni 2, mama yake ni 3, na kuanzia hapo ukitaka baba wa mtu yeyote unazidisha namba yake kwa mbili, ukitaka mama unaongeza moja juu ya hiyo. Hivyo 4 na 5 ni wazazi wa baba, 6 na 7 ni wazazi wa mama. Ukimwacha huyo wa kwanza, namba shufwa ni wanaume na namba witiri ni wanawake. Faida yake ni kwamba mtoto mwenyewe na wazazi, babu na bibi wa mstari wake wa moja kwa moja ndio pekee wenye namba. Wajomba, shangazi na wake wengine wa babu hawana. Picha ikiwa na ukungu, namba moja inayosomeka inatosha kukuonyesha uko upande wa baba au wa mama.

Tatu, andika njia ya kumfikia kila mtu

Kwa kila kisanduku andika sentensi fupi ya Kiswahili inayofuata mistari: “kaka wa baba”, “binti wa dada wa mama”, “mume wa pili wa mama”. Usitumie jina la undugu hapa isipokuwa yale ya msingi kabisa: baba, mama, kaka, dada, mtoto, mume, mke. Sentensi hizi ndizo daraja kati ya lugha mbili. Ukishakuwa nazo, neno la Kifaransa linabaki kuwa la kuhakikishia tu kwamba hukupotea njiani.

Hapa ndipo inapofaa kueleza kwa nini maneno hayalingani, kwa sababu ukilielewa hili hutahitaji kukariri orodha. Kila lugha, kabla ya kumpa jamaa jina, huuliza maswali yake. Kifaransa kinauliza: je, ni mwanamume au mwanamke, na yuko kizazi kipi? Kikishajua kwamba ni mwanamume wa kizazi cha wazazi na si mzazi mwenyewe, kinamwita *oncle* na kuishia hapo. Kiswahili kinaendelea kuuliza. Ni wa upande wa baba au wa mama? Aliyemuunganisha na mtoto ni wa jinsia moja naye au tofauti? Na kama ni jinsia moja, nani alizaliwa kwanza? Kaka wa baba ni baba vilevile, mkubwa au mdogo kulingana na umri wake mbele ya baba. Dada wa mama ni mama, mkubwa au mdogo. Ni pale tu jinsia zinapobadilika, yaani kaka wa mama na dada wa baba, ndipo tunapopata majina ya pekee, mjomba na shangazi.

Kwa hiyo *oncle* mmoja anaweza kuwa baba mkubwa, baba mdogo au mjomba, na pia mume wa shangazi au mume wa mama mdogo, kwa sababu Kifaransa huwapa jina hilohilo hata walioingia kwa ndoa. *Tante* naye anaweza kuwa shangazi, mama mkubwa, mama mdogo au mke wa mjomba. Ukiona *oncle paternel* umesaidiwa nusu: ni wa upande wa baba. Bado hujui kama ni mkubwa au mdogo.

Inafaa pia kujua kwamba upungufu huo haukuwa wa tangu asili. Kilatini, lugha iliyokizaa Kifaransa, kilikuwa na majina manne tofauti: *patruus* kwa kaka wa baba, *avunculus* kwa kaka wa mama, *amita* kwa dada wa baba na *matertera* kwa dada wa mama. Kifaransa kilibaki na mawili. *Oncle* limetokana na *avunculus*, lililokuwa jina la mjomba peke yake, na *tante* limetokana na *amita*, lililokuwa la shangazi peke yake. Hayo mawili yalipanuka yakawafunika wengine. Pengine ndiyo njia nzuri ya kumweleza mzee anayeshangaa kwamba Wazungu hawana jina la baba mdogo.

Nne, mfano mmoja hatua kwa hatua

Tuchukue chati ya msichana aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 2009, inayosomwa na bibi mzaa baba aliyeko Ujiji. Juu kabisa upande wa kushoto yuko *grand-père*, namba 4. Kutoka kwake inatoka mistari miwili: x1 1965 inakwenda kwa mwanamke mwenye namba 5, na x2 1968 inakwenda kwa mwanamke asiye na namba. Chini ya x1 yuko *père*, ° 01/01/1970, † 2011, pamoja na dada yake aliyeandikwa *tante*, ° 1976. Chini ya x2 yuko *oncle*, ° 01/01/1970, mwenye watoto wawili walioandikwa *cousin* na *cousine*. Upande wa kulia yuko *mère*, ° 1982, kati ya *tante*, ° 1979, na *oncle*, ° 1985. Mama ana x1 kwa marehemu, na x2 2014 kwa mtu aliyeandikwa *beau-père*, na chini yao yupo *demi-frère*, ° 2016. Pembeni kabisa, kwa mstari wa nukta, yupo *tonton*.

Anza na rahisi, upande wa kulia. *Tante* wa 1979 ni dada wa mama na amemtangulia mama kwa miaka mitatu, basi ni mama mkubwa. *Oncle* wa 1985 ni kaka wa mama. Ni mjomba, na umri wake haubadilishi kitu. Upande wa kushoto, *tante* wa 1976 ni dada wa baba, basi ni shangazi. Wanawake wawili wameandikwa neno moja la Kifaransa. Katika Kiswahili mmoja ni mama na mwingine ni shangazi, wala hakuna mtu wa Kigoma atakayewachanganya katika heshima wala katika madai ya mahari.

Sasa *oncle* wa kushoto. Ni mwana wa babu kwa mke mwingine. Msomaji wa Kifaransa aliye makini angetarajia aitwe ndugu nusu wa baba. Kiswahili hakijali nusu hiyo, na huyo ni baba kamili, mkubwa au mdogo. Je, ni yupi? Tarehe zao ni zilezile, na wala si kosa la mwandishi. Tarehe 01/01 katika hati za waliohama mara nyingi ni ishara kwamba siku ya kuzaliwa haikujulikana, na ofisi ikajaza siku ya kwanza ya mwaka uliokadiriwa. Mama zao ni wawili, kwa hiyo hata mwaka mmoja unawezekana kweli. Chati haiwezi kutoa jibu. Anayeweza ni bibi aliyekaa mbele yako. Muulize nani alitangulia kuzaliwa, kisha muulize kama katika nyumba yao ukubwa unahesabiwa kwa umri au kwa nyumba ya mama, kwani zipo familia ambamo mtoto wa mke mkubwa huitwa mkubwa hata kama alizaliwa nyuma. Andika jibu lake kwa penseli kwenye kisanduku.

Watoto wa huyo *oncle* ndio wanaoponza watu wengi. *Cousin* hutafsiriwa haraka kuwa binamu. Lakini mtoto wa baba mkubwa au baba mdogo, sawa na mtoto wa mama mkubwa au mama mdogo, ni kaka au dada. Binamu tunamwachia mtoto wa mjomba na wa shangazi. Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, na huko *bin ami* ni mtoto wa ami, yaani wa kaka wa baba, ambaye ndiye hasa tusiyemwita binamu. Kwa hiyo msomaji aliyesoma Kiarabu naye atakuvuta upande usio sahihi. Kwenye chati yetu wale wawili andika “kaka” na “dada”, na chini yake “watoto wa baba mkubwa” au “mdogo” kadiri bibi alivyojibu. Kwa wasikilizaji wengi hapa tofauti hii ni nzito, kwa sababu ndiyo inayoamua nani anataniwa na nani haguswi kwa neno la kuoana.

Mistari ya x1 na x2 ya babu nayo inadai uangalifu. Anayeisoma Ulaya atadhani mke wa kwanza alifariki au aliachwa, maana ndivyo hesabu hiyo inavyozoeleka huko. Angalia ushahidi: kwenye x1 hakuna )( , bibi hana † na yuko hai anakutazama, na ndoa ya pili ni ya 1968. Ndoa zote mbili zilikwenda pamoja. Yule mwanamke asiye na namba ni mke mwenza wa bibi, na kwa msichana ni bibi vilevile. Chati haikuwa na mahali pa kuandika uke wenza, kwa kuwa Kifaransa cha Ulaya cha leo hakina jina la kila siku la uhusiano kati ya wanawake hao wawili. Mchoraji akaacha kisanduku bila neno. Usikitafsiri kisanduku kitupu kama “mtu asiyehusika”. Na ukitumia “mama mkubwa” katika nyumba ya namna hii, taja ni yupi, kwa kuwa jina hilo hilo huitwa dada mkubwa wa mama na pia mke mkubwa wa baba.

Tano, maneno yanayoanza na *beau-* na *belle-*

*Beau-père* ni neno lenye watu wawili ndani yake: baba mkwe na baba wa kambo. *Belle-mère* ni vivyo hivyo, na *belle-fille* anaweza kuwa mke wa mwanao au mtoto wa kike uliyemkuta kwa mwenzi wako. Neno lenyewe halitakupa jibu kamwe, mstari utakupa. Kama mstari unaunganisha mtu huyo na mama wa *Moi* kwa alama ya x, ni baba wa kambo. Kama unamuunganisha na mume au mke wa *Moi* kama mzazi wake, ni baba mkwe. Katika mfano wetu mtoto hajaolewa na mstari unakwenda kwa mama, basi ni baba wa kambo, na *demi-frère* ni ndugu wa mama mmoja. Sema “mama mmoja” wazi, kwa sababu neno la Kifaransa halionyeshi ni mzazi yupi wanayechangia.

Kwa bibi wa Ujiji, huyo *beau-père* hana jina. Ni mume wa mwanamke aliyekuwa mke wa marehemu mwanawe. Kiswahili hakina neno la uhusiano huo, na mimi naona ni vibaya kumbandikia “mkwe” ili kisanduku kisibaki wazi, kwa kuwa mkwe ana haki na adabu zake ambazo mtu huyu hajazipitia. Iandike njia yote kama ilivyo: “mume wa sasa wa mama yake”.

Kama chati imechorwa na mtu mzima mwenye ndoa utakutana pia na *beau-frère* na *belle-sœur*. Hapo lazima ujue jinsia ya *Moi* kabla ya kuandika chochote. *Belle-sœur* aliye dada wa mwenzi ni wifi kama *Moi* ni mwanamke, na ni shemeji kama *Moi* ni mwanamume. Ikiwa *beau-frère* ni mume wa dada wa mke, tunaye mwanyumba, neno ambalo vijana wengi hawalitumii lakini wazee bado wanalijua.

Sita, visanduku vinavyobaki na alama ya kuuliza

*Tonton* ni jina la kitoto la *oncle*, na kwa Wakongo na Warundi hutumiwa pia kwa rafiki yeyote wa wazazi anayestahili heshima. Mstari wa nukta unakudokeza kwamba huenda hana damu na familia, lakini dokezo si uthibitisho. Huyu na wengine wa namna yake warudishie swali waliotuma chati, na swali lipangwe vizuri. Ukiuliza “*tonton* huyu ni nani kwako?” utajibiwa “ni *oncle* wangu”, na utakuwa pale pale ulipokuwa. Uliza badala yake: “Wazazi wake ni akina nani?” Kama hajui, uliza: “Mama yako anamwitaje, na yeye anamwitaje mama yako?” Akijibu kwamba mama anamwita kaka, uliza tena kama walinyonya ziwa moja, maana kaka kwa Kiswahili chetu naye ni mpana. Majibu yakifika, yaandike kwenye daftari kwa njia ya sentensi kama ulivyofanya kwa wengine, kisha piga picha ukurasa huo na uutume kule ilikotoka chati, ili msichana naye ajue kwamba yule wa kushoto ni baba yake mkubwa au mdogo.